"Nzuri Tu" Si Ripoti

Nina ugomvi na maneno mawili: "nzuri tu." Nimeyasema maisha yangu yote, mama yangu aliyasema, na kesho asubuhi nitayasema tena kabla sijafika kisimani. Ugomvi wangu si na maneno yenyewe. Ni na watu wanaoyapokea kwa msafiri aliyeshuka garini sasa hivi, vumbi bado liko kwenye nyusi, wakayaandika kwenye fomu, na kuanzia hapo yakawa ukweli wa mtu huyo. Na kabla hamjaanza kuuliza nani hao, niseme mapema: mmoja wao ni mimi.

Mimi ni mkalimani wa kujitolea hapa Nakivale. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu upande wa Kivu. Kazi yangu ni kusimama katikati: huku mkimbizi, huku mfanyakazi wa shirika, na maneno yanapita kwangu kama maji kwenye mrija. Kuna siku maji yalipita, uzito ukabaki. Nitaifikia siku hiyo. Kwanza nataka tukubaliane jinsi mtu anavyopokelewa akitoka safari, maana naona tumeanza kusahau, na wanaotusaidia wengi hawakuambiwa kamwe.

Mtu akirudi, sisi tuna mpangilio. Wa kwanza kumwona anamwendea, hamsubiri afike. Anasema, "Karibu! Pole na safari!" na papo hapo mkono wake uko kwenye mzigo. Angalieni Kiswahili chenyewe: kumpokea mtu na kumpokea mzigo ni kitenzi kimoja. Ukimwacha mtu aingie na gunia lake kichwani huku unamwambia karibu, umesema tu, hujampokea.

Msafiri anajibu, "Asante," au kwa sisi wa Kongo, "Aksanti." Wa pwani na wa bara la Tanzania wana jibu zuri zaidi, na wengi wetu tumelizoea hapa kambini kutoka kwa Warundi waliowahi kuishi kambi za Kigoma: "Nimeshapoa." Neno pole lina undugu na kupoa. Barabara ni moto: jua, msongamano wa gari, polisi wa njiani, hofu ya karatasi. Anayekwambia pole anakutakia upoe. Nawe unapojibu "nimeshapoa" unamwambia, joto la njia limetoka, nipo sasa.

Halafu zinakuja habari. "Habari za safari?" "Nzuri tu." "Za huko utokako?" "Njema. Za hapa?" "Hapa kwema, karibu kwanza ukae." Hilo neno "kwanza" lisikilizeni vizuri. Mwenyeji anakwambia kwamba kuna la pili, ila halijafika wakati wake. Inawezekana mbuzi amekufa. Inawezekana jirani amezikwa jana. Hukutani nalo mlangoni. Unakaa, unapewa maji ya kunywa, unanawa, unakula kilichopo. Mtu mzima hampi msafiri taarifa ya kifo akiwa bado amesimama, na msafiri naye hamwagi shida zake kizingitini. Pande zote mbili zina habari, na pande zote mbili zinasema kwema. Si uongo. Ni kupeana nafasi ya kuketi.

Ndipo baadaye, sahani zikishatolewa, watoto wakishatumwa nje, mtu mmoja anasogeza kiti na kuuliza kwa sauti ya chini: "Enhe. Sasa tuambie." Habari yenyewe inaanzia pale. Yale ya mlangoni yalikuwa salamu.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema kwenye makala hii, na mkilishika hilo tu mnaweza kuacha kusoma: jibu la kwanza la msafiri ni salamu, si ushahidi.

Nani alinifundisha hilo nikiwa mtu mzima, baada ya kulijua tangu utoto? Mwanamke mmoja wa Biharwe, ambaye sijui hata jina lake.

Nilikuwa natoka Kampala. Nilikwenda kufuatilia karatasi, na karatasi hazikupatikana. Wanaoijua barabara ile wanajua: unapita Masaka, unapita Lyantonde, nyika ya ng'ombe wenye pembe ndefu inaanza, halafu Biharwe, halafu kidogo tu Mbarara. Basi letu likafia Biharwe, jua likizama. Dereva akafungua boneti, akatazama, akafunga, akawasha sigara. Tukajua kwamba tutalala.

Biharwe ni mahali penye hadithi yake ya safari. Masimulizi ya wenyeji yanasema mfalme mmoja wa Bunyoro, Olimi, alikuwa anarudi kutoka kuvamia Rwanda na ng'ombe wa ngawira, na alipofika hapo mchana ukageuka usiku. Jeshi likaogopa, likakimbia, ng'ombe wakabaki. Wanahistoria wanalihusisha giza hilo na kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520, na leo kuna mnara wa ukumbusho juu ya kilima. Nilikuwa naliwaza hilo nimekaa juu ya begi langu: mfalme na mimi, wote tunatoka safari, wote giza limetukuta Biharwe. Yeye alipoteza ng'ombe, mimi nilipoteza nauli.

Ng'ambo ya barabara mama mmoja alikuwa anauza chakula chini ya turubai. Akaniona nimekaa peke yangu. Akaja, akachukua begi langu bila kuuliza, akasema kwa Kiswahili, "Pole na safari, sebo." Nilishangaa kidogo. Hapa Uganda wazee wengi wakisikia Kiswahili wanakumbuka askari na bunduki. Ila watu wa barabara kuu wamekijifunza kwa madereva wa malori, na kwao ni lugha ya kazi. Nikamjibu kama mashine: "Asante mama, nimeshapoa."

Akanitazama. Akacheka. Akasema, "Bado. Hujapoa wewe. Kunywa kwanza." Akanipa kikombe cha bushera, uji wao wa mtama uliochachuka kidogo, akarudi kwenye sufuria zake. Hakuniuliza kitu. Nilikunywa, nikamaliza, nikakaa. Baada ya muda, huku anaosha sahani na amenipa mgongo, akauliza: "Unarudi Nakivale? Nauli ya kutoka Mbarara unayo?"

Nilikuwa sina. Na nikamwambia. Mtu ambaye sikumjua saa moja kabla nilimwambia kile ambacho nisingemwambia mke wangu siku ya kwanza.

Nimelitafakari lile tendo mara nyingi. Mama yule alifanya mambo mawili. La kwanza, hakukubali jibu langu la kwanza, lakini pia hakunibishia kwa maswali. Alinipa kikombe na muda. La pili, aliponiuliza hakusema "habari za safari". Angesema hivyo ningejibu "nzuri tu" mpaka leo. Aliuliza juu ya nauli, kitu ambacho hakina jibu la salamu.

Sasa nije kwenye siku yangu.

Jirani yangu, ambaye nitamwita Mama Jirani tu, ana mtoto wa miaka minne aliyeungua mkono kwa uji wa moto. Mkono wa kulia, vidole na kiganja. Kituo cha afya cha hapa kiliusafisha, kikaona ni wa ndani, kikamwandikia rufaa kwenda hospitali mjini Mbarara. Shirika moja lilimpa nafasi kwenye gari la kwenda. Alikaa huko siku tisa.

Aliporudi ilikuwa Ijumaa jioni. Gari lilisimama pale linaposimamaga, na mfanyakazi wa shirika alikuwa na simu mkononi yenye fomu ya kujaza kwa kila mgonjwa anayerejea. Kijana mzuri, sina neno baya naye. Alishajifunza Kiswahili kidogo na alitaka kukitumia. Akasema kwa furaha, "Karibu tena, mama! Pole na safari! Safari ilikuwaje?"

Mama Jirani, mtoto mgongoni, mfuko wa nguo kichwani, akajibu, "Aksanti. Muzuri tu, tunashukuru Mungu."

"Na hospitali? Walikuhudumia vizuri?"

"Eeh, muzuri."

"Mtoto anaendeleaje?"

"Eko tu."

Kijana akanigeukia mimi ili ahakikishe kwa Kiingereza. Nikatafsiri. Nikamwambia anasema safari ilikuwa nzuri, huduma ilikuwa nzuri, mtoto hajambo. Akagusa simu mara tatu. Kwenye fomu ikaingia: hakuna tatizo, hahitaji ufuatiliaji. Tukamtakia usiku mwema. Hakuna aliyempokea ule mfuko.

Tafsiri yangu haikukosea neno hata moja, na ilikuwa mbovu kabisa. Mtu wa kwetu akisema "eko tu" juu ya mtoto, hajasema mtoto hajambo. Amesema mtoto yupo, hajafa. Nililijua hilo. Nililijua pale pale, sikioni. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na mimi pia nilitaka kwenda kula.

Yale ambayo hakuyasema ni haya. Aliambiwa arudi Mbarara kila baada ya siku chache kubadilishwa bandeji na kunyooshwa vidole, maana jeraha la moto likipona bila kunyooshwa, ngozi mpya inajikunja na kuvuta vidole kuelekea kiganjani. Aliambiwa anunue dawa ya kupaka ambayo haikuwepo. Siku mbili za mwisho walilala kwenye baraza kwa sababu waliruhusiwa kutoka wodini na gari la kurudi halikuwa limefika. Na nauli ya kurudi huko hakuwa nayo, na hakujua kama anaruhusiwa kuomba gari mara ya pili.

Hayo yote aliyasema, msidhani aliyaficha. Aliyasema Jumapili jioni, nyumbani kwake, kwa mke wangu, wakiwa wanachambua maharage. Mke wangu aliniambia. Mimi nikasema, Jumatatu nitakwenda ofisini. Jumatatu ofisini wakafungua orodha, wakaona "hahitaji ufuatiliaji", wakasema jina lake limeshatoka kwenye orodha ya gari, aanze upya kituo cha afya kupata rufaa nyingine. Akaanza upya. Zikapita wiki tano kabla hajafika tena Mbarara. Vidole viwili vya mtoto vilikuwa vimeshajikunja. Sasa wanamwambia huenda kukahitajika upasuaji wa kuvifungua.

Sitaki kusema fomu ile ndiyo iliyokunja vidole vya mtoto. Umaskini ulikuwepo, umbali ulikuwepo, dawa haikuwepo. Lakini kati ya Ijumaa na Jumapili ukweli ulikuwa tayari umefika kambini. Ulikuwa kwenye mfuko ule uliokuwa kichwani. Sisi tuliokuwa na uwezo wa kuupeleka mahali pake tulichukua salamu, tukaacha mzigo.

Nimewaeleza wafanyakazi kadhaa kisa hiki, na nimepata majibu ya aina mbili.

Wa kwanza wanasema: kwa nini hakusema? Aliulizwa waziwazi. Watu wenu wanaficha, halafu mnatulaumu.

Ndugu zangu, hakuulizwa. Aliamkiwa. Mlimwambia karibu, mkamwambia pole, mkafuatisha na maswali yanayofanana na salamu, kwa sauti ya salamu, akiwa amesimama, mbele ya watu. Kwetu swali lolote la "ilikuwaje" au "inaendeleaje" likija ndani ya salamu linajibiwa kwa salamu. Hata mtu aliyetoka kuzika anaambiwa "habari za huko?" anajibu "nzuri", halafu ndipo anasema "ila tumepoteza mtu." Mngemjibu Mama Jirani kwa kunyamaza kidogo tu, huenda ile "ila" ingetoka. Yeye alitoa mlango, ninyi mkaupita.

Na tena angalieni hili: kumjibu vibaya mtu aliyekupa pole ni kama kumrudishia maji yake usoni. Kijana alikuwa mkarimu. Alisema maneno yetu. Mama akawa mkarimu pia. Heshima ilikutana na heshima, na mtoto akakaa katikati yao hana msemaji.

Wa pili wanasema: hatuna muda. Kuna watu sitini kwenye gari na kwenye foleni, hatuwezi kumkalisha kila mmoja tukampa uji.

Hili nalikubali nusu. Sisemi mkae mezani na kila mtu. Nasema mambo matatu madogo, na nimeyajaribu mwenyewe tangu siku ile, kwa hiyo najua yanachukua muda gani.

Kwanza, toeni pole halafu mnyamaze. Msiunganishe "pole na safari" na swali kwa pumzi moja. Mpokeeni mtu mzigo, au angalau mwonyesheni pa kuutua. Msubirini mpaka aseme mwenyewe kitu kama "nimeshapoa", au mpaka aanze kuwauliza ninyi, "Za hapa?" Mtu akianza kuuliza habari zako, hapo ameshafika. Ni dakika moja, mbili zikizidi.

Pili, swali la kazi lisianze na "habari" wala lisiishie na "-je". Ulizeni vitu vinavyoshikika. Mmeambiwa mrudi lini? Dawa mliyoandikiwa ipo mkononi? Usiku wa mwisho mlilala wapi? Nauli ya kurudi ipo? Mama wa Biharwe hakusoma chuo, ila swali lake moja la nauli lilifanya kazi kuliko fomu yenye kurasa mbili. Mtu hawezi kujibu "nzuri tu" kwa swali la "mlilala wapi".

Tatu, jueni majibu yanavyotofautiana. Hapa ndipo sisi wakalimani tuache uvivu. "Nzuri" ikitoka haraka na kicheko, mara nyingi ni nzuri kweli. "Nzuri tu" ni salamu, bado hujui kitu. "Tunashukuru Mungu" likisimama peke yake, bila nzuri mbele yake, jiandae. Ukiuliza habari za safari ukajibiwa "tumefika", basi safari ilikuwa mbaya. Amekupa lile jema pekee alilolipata njiani, nalo ni kufika. "Ndiyo hivyo hivyo" maana yake nimechoka kueleza. Na ukimpa mtu pole na safari akakwambia "we acha tu", hapo usiache. Amefungua mlango kabisa, anangoja uingie. Mkalimani anayetafsiri yote haya kwa neno moja la Kiingereza, kwamba safari ilikuwa nzuri, hatafsiri. Anafuta. Mimi sasa namwambia mfanyakazi hivi: amekusalimu tu, bado hajakujibu, nipe dakika. Wengine wamenikasirikia. Wengi wamenishukuru.

Kuna jambo jingine kuhusu "karibu tena" ambalo lazima niliseme, kwa sababu ndilo linalotuchoma zaidi na hakuna anayelisema.

Maneno haya yana milango miwili. Nyumbani, mtu anaporudi, "karibu tena" ni furaha: tulikukosa, nafasi yako ipo. Dukani na ofisini yanasemwa mtu anapoondoka: uje siku nyingine. Mwenye duka akikwambia hivyo umeshabeba sukari yako. Lakini kwenye dirisha la ofisi unaambiwa "karibu tena" umeshika karatasi ile ile uliyokuja nayo. Umeamka saa kumi usiku, umetembea, umekaa juani, umeambiwa mfumo haufanyi kazi, halafu kwa tabasamu, "Karibu tena!" Kuna wazee hapa kambini wanaolichukia neno hilo zuri kwa sababu hiyo tu. Nakivale ilianza mwaka 1958. Hesabuni wenyewe ni karibu tena ngapi zimesemwa kwenye madirisha tangu wakati huo.

Ombi langu kwa walio dirishani ni dogo. Kama mtu anaondoka mikono mitupu, msimwambie karibu tena. Mwambieni "pole". Ametoka mbali kuja kwenu, hiyo nayo ni safari. Halafu mwambieni siku na saa ya kurudi. Karibu isiyo na siku ni kumfukuza mtu kwa heshima.

Nimewasema wageni vya kutosha. Sasa tujiseme sisi, maana makala inayolaumu upande mmoja huwa siiamini hata nikiiandika mwenyewe.

Siku hizi mtu akirudi kutoka Kampala au Mbarara, kabla hajatua begi tunamuuliza nini? "Umetuletea nini?" Au mbaya zaidi, kwa yule aliyekwenda kwenye mahojiano ya kupelekwa nchi ya tatu: "Enhe, wamekupa?" Hatujasema karibu. Hatujasema pole. Yeye bado anasikia sauti ya mhojaji masikioni, sisi tunamhoji mara ya pili. Nimeona kijana amelala Mbarara siku tatu zaidi bila sababu, kwa kuogopa tu swali hilo. Alikataliwa, na hakutaka kukataliwa tena mlangoni kwa kila nyumba.

Wahenga wa pwani walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni tumboni mwake. Uende mbele, uende nyuma, utarudi katikati. Kwa mkimbizi methali hii ina uchungu, kwa sababu ngama yetu si kwetu. Kwetu kuko ng'ambo ya mpaka na hakurudiki. Kwa hiyo mtu anayerudi Nakivale amerudi mahali ambapo hakupachagua, na mara nyingi amerudi kwa sababu kule alikokwenda kumemkatalia. Huyo akikosa "pole na safari", atapumzikia wapi? Hakuna shirika linalogawa pole. Hiyo ni yetu, haina kadi wala foleni, na bado tunaibania.

Na sisi tunaorudi, tujifunze kutofautisha watu. Kwa jirani, "nzuri tu" inatosha. Ana Jumapili nzima ya kuchambua maharage nawe. Kwa mtu mwenye fomu, haitoshi. Mtu mwenye fomu hatakuja Jumapili. Basi mjibu salamu yake kwa heshima, usivunje desturi, halafu ongeza sentensi moja: "Nimeshapoa. Sasa niulize vizuri." Mama zetu watasema ni utovu wa adabu. Si utovu. Ni kumwambia mgeni, ambaye hajui nyumba yetu imejengwaje, kwamba hapa ni barazani na chumba kiko ndani.

Mama Jirani amekwenda Mbarara tena juzi na mtoto wake. Safari hii gari lilipofika nilikuwa pale kabla ya mtu wa simu. Nilipokea mfuko. Nikasema, "Karibu mama, pole na safari." Akasema, "Aksanti, muzuri tu." Nikasema, "Najua. Twende ukae kwanza." Mke wangu alikuwa ameacha chai kwenye makaa. Mtoto aliweka mkono wake mezani karibu na kikombe, kidole kimoja kimeanza kunyooka, kingine bado.

Alikunywa chai yote. Halafu akasema, bila mimi kuuliza, "Ila."